Ukilinganisha vifaa viwili vya kupimia, pima watu wangapi?

Hospitali inapoletewa mashine mpya ya kupima presha, ile ya kidijitali inayojijaza upepo yenyewe, swali la kwanza la wauguzi huwa moja: je, inasema sawa na ile ya zebaki tuliyoizoea? Njia ya kujibu inaonekana nyepesi. Unamkalisha mgonjwa, unampima kwa mashine zote mbili, unaandika tofauti, kisha unamwita anayefuata. Ugumu unaanza pale mtu anapouliza: tutawapima wangapi kabla ya kutoa hukumu?

Mara nyingi jibu huwa 30, kwa sababu tu namba hiyo imezoeleka katika tasnifu za vyuo, au huwa ni idadi yoyote ya wagonjwa waliofika kliniki wiki hiyo. Huenda wakatosha, huenda wasitoshe. Hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza watatosha kwa kazi gani. Idadi hiyo ina hesabu yake, na hesabu yenyewe si ngumu. Anayejua kuzidisha na kutafuta kipeo cha pili anaweza kuifuata hadi mwisho.

Watu 17 na vifaa viwili vya pumzi

Mwanzo mzuri ni makala iliyochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet mwezi Februari 1986. Waandishi wake, Martin Bland na Douglas Altman, walikuwa wanatakwimu wa Uingereza waliochoshwa na jambo moja. Madaktari wengi waliolinganisha vifaa viwili walikuwa wakikokotoa uwiano, yaani namba inayoonyesha kama vipimo viwili vinapanda na kushuka pamoja. Uwiano ukikaribia 1, walitangaza kwamba vifaa vinakubaliana. Lakini kifaa kinachozidisha kila kipimo mara mbili nacho hupanda na kushuka sambamba na kile sahihi. Uwiano wake unaweza kuwa kamili, na bado kila mgonjwa akaandikiwa namba ya uongo.

Ili kuonyesha njia iliyo bora, walilinganisha vifaa viwili vya kupima kasi ya juu kabisa ambayo mtu anaweza kuitoa pumzi, kipimo kinachotumika sana kwa wagonjwa wa pumu. Kimoja kilikuwa kifaa kikubwa cha Wright, na cha pili ni kile kidogo cha jamii hiyohiyo ambacho mgonjwa anaweza kukishika mkononi. Watu waliopimwa walikuwa 17. Waandishi walisema wazi kwamba hao walikuwa wafanyakazi wenzake Bland pamoja na jamaa zake, waliochaguliwa ili wapatikane wenye pumzi kali na wenye pumzi dhaifu, na kwamba hawakuwakilisha jamii yoyote maalumu.

Kwa kila mtu waliondoa kipimo cha kifaa kidogo kutoka kipimo cha kifaa kikubwa. Mtu wa kwanza alipata lita 494 kwa dakika kwenye kifaa kikubwa na 512 kwenye kidogo, kwa hiyo tofauti yake ni -18. Wastani wa tofauti zote 17 ulikuwa -2.1. Ukiishia hapo utasema vifaa hivi ni ndugu wa damu, maana lita mbili kwa dakika si kitu. Na uwiano nao ulikuwa 0.94, namba ambayo ingemfurahisha mtafiti yeyote wa wakati ule.

Wastani, hata hivyo, huwafuta watu. Tofauti ya -81 ya mtu mmoja na ya +73 ya mwingine zikikutana, karibu zinamezana, ilhali kila mmoja wao amepata jibu lililo mbali na ukweli. Kwa hiyo Bland na Altman walitazama pia jinsi tofauti zilivyotawanyika kuuzunguka wastani. Kipimo cha mtawanyiko huo ni mkengeuko sanifu, nasi tutauita s kwa kifupi. Kwa watu wale 17, s ilikuwa lita 38.8 kwa dakika. Tofauti zinapotawanyika kwa namna ya kawaida, zikiwa nyingi katikati na chache pembeni, karibu 95 katika kila 100 huangukia ndani ya wastani kujumlisha au kutoa s mara mbili. Wanaotaka usahihi zaidi hutumia 1.96 badala ya 2.

Tukikokotoa kama wao, mara mbili ya 38.8 ni 77.6. Mpaka wa chini unakuwa -79.7 na wa juu 75.5. Hiyo ndiyo mipaka ya makubaliano. Tafsiri yake kwa daktari ni kwamba mgonjwa akipimwa kwa kifaa kidogo, jibu linaweza kuzidi lile la kifaa kikubwa kwa karibu lita 80, au kupungua kwa lita 75. Kwa matibabu, hiyo ni tofauti isiyovumilika, na ndivyo waandishi walivyosema.

Mipaka yenyewe inatikisika

Hapo ndipo wengi hufunga daftari. Wanaandika mipaka miwili katika ripoti na kwenda zao, kana kwamba wamevisoma kwenye rula. Lakini -79.7 na 75.5 vimetokana na watu 17 tu. Wangepimwa 17 wengine, mipaka ingekuwa mingine.

Tumtazame mtu wa kumi na tano katika orodha ile. Kifaa kikubwa kilimpa 178, kidogo kikampa 259. Tofauti yake ya -81 ndiyo kubwa kuliko zote. Tuseme siku ile hakufika. Wastani wa tofauti za watu 16 waliobaki unakuwa 2.8, s inashuka hadi 34.1, na mpaka wa chini unasogea kutoka -79.7 hadi karibu -65. Mtu mmoja amekosekana, na mpaka umehama kwa lita 14. Ripoti inayonadi -79.7 pasipo kulisema hilo inajidai kujua kisichojulikana.

Bland na Altman hawakujidai hivyo. Katika makala ileile walitoa njia ya kukadiria mtikisiko wa kila mpaka, ingawa sehemu hiyo ndiyo ambayo wasomaji wengi waliiruka. Mpaka umejengwa kwa vitu viwili, wastani na s, na vyote viwili hubadilika kila unapopima kundi jingine. Kwa hiyo mtikisiko wa mpaka ni mkubwa kuliko ule wa wastani peke yake, karibu mara 1.7. Kanuni yao fupi inasema: chukua 3, igawe kwa idadi ya watu, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa s. Kwa watu 17 jibu ni lita 16.3, ambapo mtikisiko wa wastani ulikuwa lita 9.4 tu.

Namba hiyo huzidishwa tena ili kupata eneo ambalo tuna uhakika wa asilimia 95 kwamba mpaka wa kweli umo ndani yake. Watu wakiwa wengi tunazidisha kwa 1.96, na wakiwa wachache tunazidisha kwa zaidi kidogo. Kwa watu 17 ni 2.12, na jibu ni lita 34.6 kila upande. Kwa hiyo mpaka wa chini uko mahali fulani kati ya -114.3 na -45.1. Wa juu uko kati ya 40.9 na 110.1.

Kati ya 45 na 114 kuna safari ndefu. Watu wale 17 walitosha kuonyesha kwamba vifaa havikubaliani, kwa sababu hata ukichukua upande wenye nafuu, tofauti ni kubwa mno. Lakini hawakutosha kutuambia vinatofautiana kwa kiasi gani. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina idadi yake ya watu.

Hesabu ya idadi

Sasa tunaweza kuigeuza kanuni. Badala ya kuanza na idadi na kutafuta shaka, tuanze na shaka tunayoweza kuivumilia, tutafute idadi. Tuite k kiasi ambacho tunakubali mpaka ukosee, kujumlisha au kutoa. Idadi ya watu, n, inakuwa hivi:

n = 3 × (1.96 × s ÷ k)²

Tuseme kuna anayetaka kurudia kazi ya vifaa vya pumzi, na anataka kila mpaka ujulikane kwa usahihi wa lita 10 kila upande. Anazidisha 1.96 kwa 38.8, anagawa kwa 10, anapata karibu 7.6. Akiizidisha kwa yenyewe na kisha kwa 3, anafika 173 na ushei, naye anapanda hadi 174. Akiridhika na lita 15, watu 78 watamtosha. Akitaka lita 5, atahitaji karibu 700. Hapo pana bei ambayo kila mpangaji wa utafiti lazima aijue mapema: ukitaka shaka ipungue nusu, watu lazima waongezeke mara nne.

Kuna njia ya haraka ya kulibeba hili kichwani bila kujali unapima nini. Ukiwa na watu 50, kila mpaka una shaka ya karibu 0.48 ya s kila upande. Wakiwa 100, shaka ni 0.34 ya s. Wakiwa 200, ni 0.24. Kwa mashine ya presha ambayo tofauti zake zina s ya milimita 5 za zebaki, hiyo ni kusema kwamba watu 50 wanakupa mpaka wenye shaka ya milimita 2.4, watu 100 wanakupa 1.7, na 200 wanakupa 1.2. Kutoka 50 hadi 100 umepata faida inayoonekana. Kutoka 100 hadi 200 umepima watu wengine mia moja kwa faida ya nusu milimita. Ndiyo maana Bland, alipoulizwa juu ya jambo hili, alikuwa akielekeza kwenye idadi ya 100 au 200 kwa kuonyesha shaka inayobaki katika kila moja.

Msomaji makini atauliza: s inatoka wapi, na bado hatujapima mtu? Swali hilo ndilo mtego mkubwa wa kazi hii. Kwa kawaida s huchukuliwa kutoka utafiti uliotangulia au jaribio dogo la mwanzo. Lakini s ya jaribio dogo nayo inatikisika. Kwa watu wale 17, s iliyopatikana ni 38.8, lakini s ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 29 na 59. Irudishe katika kanuni kwa usahihi wa lita 10. Ikiwa ni 29, unahitaji watu wasiofika 100. Ikiwa ni 59, unahitaji zaidi ya 400. Mpangaji mwenye busara hachukui s inayompendeza. Anachukua iliyo upande wa kubwa kidogo, na kama jaribio la mwanzo lilikuwa la watu wachache, anapanga kuikokotoa upya katikati ya kazi, kabla ya kufunga milango.

Pale panapohitajika hukumu

Kuijua mipaka kwa usahihi ni jambo moja. Hospitali mara nyingi inataka zaidi. Inataka kujua kama mashine mpya inafaa au haifai. Kwa hilo lazima kwanza wataalamu wa tiba wakubaliane juu ya kiwango cha tofauti kinachovumilika, na wakubaliane kabla ya kipimo cha kwanza. Takwimu haziwezi kuwachagulia kiwango hicho. Kinatoka kwenye ugonjwa wenyewe: ni tofauti ya kiasi gani itakayombadilishia mgonjwa dawa?

Tuchukue mfano wa kupangia. Timu inalinganisha mashine ya presha ya kidijitali na ile ya zebaki. Inatarajia wastani wa tofauti uwe sifuri na s iwe milimita 5, kwa hiyo mipaka inayotarajiwa ni karibu -9.8 na +9.8. Madaktari wamesema hawatavumilia zaidi ya milimita 12. Kwa mtazamo wa haraka mashine imefaulu, maana 9.8 ni ndogo kuliko 12. Lakini mpaka una shaka yake, na shaka hiyo nayo lazima iingie ndani ya 12. Nafasi iliyobaki ni milimita 2.2.

Ukitumia kanuni yetu kwa k ya 2.2, unapata watu 60. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapojipunja. Watu 60 wanafanya shaka inayotarajiwa ijae nafasi yote, bila akiba. Kundi litakalopatikana likiwa na mtawanyiko uliozidi kidogo tu, shaka itavuka 12. Kwa kila mpaka, kufaulu kunakuwa sawa na kurusha shilingi, na kwa kuwa mipaka yote miwili lazima ifaulu kwa pamoja, nafasi ya kufaulu inashuka hadi karibu 3 katika 10. Mashine ni nzuri, utafiti umefanywa kwa uaminifu, na bado mara 7 katika 10 ripoti itasema haijathibitika.

Ili nafasi ya kufaulu ifike 8 katika 10, ambacho ndicho kiwango kinachozoeleka katika tafiti za afya, kila mpaka unahitaji nafasi ya 9 katika 10. Hesabu ni ileile, isipokuwa 1.96 inaongezewa 1.28 na kuwa 3.24, na k sasa ni ile nafasi ya 2.2. Jibu ni watu 163. Njia hii ya kuhesabu kwa kuangalia uwezekano wa kufaulu ilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2016 na Lu na wenzake, na programu za takwimu kama MedCalc zinaifanya kwa usahihi kuliko kanuni yetu ya mkono. Zinachohitaji kutoka kwako ni vitu vitatu: wastani wa tofauti unaoutarajia, s, na kiwango kinachovumilika.

Angalia pia jinsi jibu linavyoitegemea nafasi iliyobaki. Madaktari wangevumilia milimita 15 badala ya 12, nafasi ingekuwa 5.2, na watu 30 hivi wangetosha. Wangekataa kuvuka 10, nafasi ingekuwa 0.2 tu, na watu wangehitajika kwa maelfu. Ile 30 inayozoeleka, basi, si namba mbaya. Ni jibu sahihi kwa mtu ambaye kiwango chake cha uvumilivu kiko mbali na mipaka anayoitarajia. Yule ambaye mambo yake yamebanana, 30 hawamsaidii.

Watu 85, vipimo 255

Mashine za presha zinazotaka kutambuliwa kimataifa zina sheria yake. Mwaka 2018 taasisi kubwa za viwango na za wataalamu wa presha za Marekani na Ulaya, pamoja na shirika la viwango la ISO, zilikubaliana juu ya utaratibu mmoja. Unataka watu wasiopungua 85, na kila mmoja apimwe mara tatu, ili zipatikane jozi 255 za vipimo. Wastani wa tofauti usizidi milimita 5 na s isizidi 8.

Tuipime 85 kwa kanuni yetu. Kwa s ya 8 na kipimo kimoja kwa kila mtu, shaka ya kila mpaka ni karibu milimita 3 kila upande. Si ndogo, lakini mtu anaweza kuifanyia kazi. Jambo la kujifunza zaidi liko katika lile neno "wasiopungua". Utaratibu unahesabu watu na jozi mbalimbali, haukubali moja lisimame badala ya jingine. Huwezi kuleta watu 26 ukawapima mara kumi kumi na kusema umepata 260.

Sababu ni kwamba vipimo vya mtu mmoja hufanana. Mkono mnene usioenea vizuri kwenye kitambaa cha mashine utaipotosha mashine asubuhi na utaipotosha jioni. Mishipa iliyokakamaa ya mzee itafanya hivyohivyo kila mara. Kumpima mtu huyo mara kumi kunakujulisha vizuri sana habari zake yeye, na kunakujulisha kidogo mno jinsi watu wanavyotofautiana. Anayezimwaga jozi zote kwenye kapu moja na kuweka jumla yake mahali pa n katika kanuni atapata mipaka inayoonekana imara kuliko ilivyo. Ukikuta ripoti yenye vipimo 300 usistaajabu kwanza, tafuta vimetoka kwa watu wangapi.

Kosa lililo jirani na hilo ni kuchukua wastani wa vipimo viwili au vitatu vya kila kifaa, kisha kulinganisha wastani hizo. Wastani hutulia kuliko kipimo kimoja, hivyo s itakuwa ndogo na mipaka itasogeleana. Hakuna ubaya ikiwa kliniki nako mgonjwa atapimwa mara tatu na kuandikiwa wastani. Ikiwa kliniki atapimwa mara moja, mipaka hiyo si yake, na idadi ya watu iliyopangwa kwa s hiyo ndogo haitatosha. Bland na Altman, ingawa kila mtu wao alipumulia kila kifaa mara mbili, walitumia pumzi ya kwanza tu walipokokotoa mipaka.

Wingi usipoponya

Kuna kasoro ambazo watu elfu hawaziondoi. Ya kwanza ni tofauti zinazokua kadiri kipimo kinavyokua. Katika vipimo vingi vya maabara, vifaa viwili hukaribiana kwa wagonjwa wenye viwango vya chini na kuachana kwa wenye viwango vya juu. Ukikokotoa s moja kwa wote, mipaka itakuwa mipana mno kwa wa chini na myembamba mno kwa wa juu. Kuongeza watu kutakupa uhakika mkubwa juu ya namba isiyomfaa yeyote. Dawa ni kuchora tofauti za watu dhidi ya wastani wa vipimo vyao viwili, mchoro ambao Bland na Altman waliuweka mbele ya kila hesabu. Ukiona nukta zinafunguka kama faneli kuelekea kulia, fanya hesabu kwa asilimia au kwa logi kabla ya kugusa mipaka.

Ya pili ni kupima watu wasio wale utakaowahudumia. Mashine ya presha ikijaribiwa kwa wanafunzi 200 wa chuo wenye afya, utaijua mipaka yake kwa vijana wenye presha za kawaida. Wazee, wajawazito na wenye presha kali watabaki hawajulikani. Ndiyo sababu utaratibu wa 2018 unataka sehemu fulani ya washiriki wawe na presha za juu na sehemu nyingine za chini, na mikono ya ukubwa tofauti. Kama unataka hukumu ya kundi fulani peke yake, idadi uliyoihesabu inahitajika ndani ya kundi hilo, si katika jumla.

Mwisho ni jambo la kawaida la uwanjani. Mapigo ya moyo ya mshiriki mmoja hayana mpangilio, wa pili anaondoka kabla ya kipimo cha pili, mashine inakataa kusoma kwa wa tatu. Kama hesabu inasema 163 na unatarajia kupoteza mmoja katika kila kumi, waandikishe 182. Na wale walioikwamisha mashine waandikwe katika ripoti, maana mashine isiyoweza kumsoma mgonjwa nayo imetoa jibu.

Kwa mwanafunzi anayeandaa tasnifu, muuguzi mkuu anayeamua kununua, au mhariri anayepokea makala, naomba jambo moja. Msipokee mipaka ya makubaliano iliyoandikwa bila eneo lake la shaka, wala idadi ya watu isiyotaja s iliyotumika na kiwango kilichovumiliwa. Namba hizo tatu zikiwapo, mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuirudia hesabu na kuona kama watu walitosha. Zisipokuwapo, idadi iliyoandikwa ilikuwa ya kubahatisha, na mgonjwa ndiye atakayelipa gharama ya kubahatisha huko.